Zawadi isiyomshtua mtoto mwenye usonji

*Mtoto wa dada yangu ana usonji, na Desemba hii anatimiza miaka 6. Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwaka jana nilimnunulia treni inayoimba na kuwaka taa. Ilipoanza tu alijiziba masikio, akaingia chini ya kitanda, na mpaka leo haingii chumba ile treni ilimo. Lakini yeye mwenyewe anagonga sufuria kutwa nzima! Anachopenda ni kujibana kati ya godoro na ukuta, na kuchezea mchele kwenye beseni. Ana kilo 20. Nina dola 30. Nimnunulie nini?*

Mama, hizo sufuria ndizo zinatuonyesha njia. Watu wengi wakiona mtoto anapiga sufuria halafu analia kwa sababu ya blenda, wanasema anadeka. Hadeki. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 ambao kwao ndiyo tunapata maelezo ya kwanza mashuhuri ya usonji, na jambo hilo hilo aliliona: watoto walitishwa na mashine ya kufyonza vumbi, lifti, hata vichezeo vinavyojiendesha vyenyewe, ilhali wao wenyewe waliweza kupiga kelele kubwa kama hizo kwa furaha. Kilichowasumbua ni sauti inayowaingilia bila kutazamiwa. Mtoto anayegonga sufuria anajua mlio utakuja lini, utakuwa mkubwa kiasi gani, na anajua kwamba akisimamisha mkono, mlio nao utasimama. Treni haikumpa hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo usiende dukani kutafuta "kichezeo cha watoto wenye usonji". Tafuta kitu ambacho hakifanyi lolote mpaka yeye akifanyize, na kinachoacha mara yeye anapoacha. Kisha kiwe kinampa kile ambacho mwili wake tayari unakitafuta. Hilo la pili umeshalijibu mwenyewe: anajibana kati ya godoro na ukuta, maana yake anatafuta kukandamizwa, mgandamizo mzito unaotulia sehemu moja. Anatumbukiza mikono kwenye mchele, maana yake vidole vyake vinataka punje nyingi zinazoteleza. Ningekuwa wewe, zawadi kubwa ingekuwa mto mzito wa mapajani, ulioshonwa na fundi wa mtaani, na ya pili ingekuwa beseni lake mwenyewe la mchele. Dola 30 zinatosha, na zitabaki.

Mto wa mapajani ni kijimto bapa, si cha kulalia kichwa. Mtoto anakaa, anauweka juu ya mapaja, na uzito wake unamkandamiza wakati anakula, anachora au anasikiliza mvua inavyopiga kwenye malata. Wataalamu wengi huanza na uzito wa karibu asilimia 5 ya uzito wa mtoto. Ni kipimo cha kazi tu, si sheria, lakini kwa kilo 20 kinatupa kilo 1, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Cha kujazia, chukua mchanga wa chenga chenga, si ule laini kama unga. Mahindi na maharagwe yanaonekana rahisi, lakini msimu huu wa mvua yanashika unyevu, yanaota ukungu na kuingiwa na wadudu, na mto hauwezi kufuliwa. Osha mchanga katika ndoo mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha uchekeche ili vumbi lote lidondoke. Ukishakauka, mpelekee muuza unga akupimie kilo moja kamili kwenye mizani yake, halafu ugawe mafungu 12 yanayolingana. Kila fungu litakuwa na gramu 80 na kidogo. Huhitaji mizani nyingine.

Sasa kitambaa. Mfuko wa ndani uwe wa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, kama kile cha suruali za kazi. Kata vipande viwili vya sentimita 44 kwa 29, ili baada ya kushona ubaki na mto wa 40 kwa 25. Mwambie fundi ashone pande tatu na kuacha upande mmoja mrefu wazi. Kisha ashone mistari mitatu ya kushuka kutoka ule upande wazi hadi chini, ili ipatikane mifereji minne. Mimina fungu moja katika kila mfereji, tikisa hadi mchanga ushuke chini, halafu apitishe mshono wa kukatiza sentimita 8 kutoka chini. Mimina tena, akatize tena, mara tatu jumla, na mshono wa mwisho ndio unaofunga mdomo. Unapata vijumba 12, na mchanga hauwezi kukimbilia kona moja. Usipoweka vijumba, baada ya siku mbili mto wote utakuwa umelalia upande mmoja kama gunia, na mtoto atausukuma.

Hapo penye kukatiza ndipo mafundi wengi hukasirika. Chembe moja ikibaki chini ya sindano, sindano inavunjika au mshono unaruka. Kabla ya kila mshono, kung'uteni mchanga uende chini, kisha mpange pini juu yake kama kizuizi. Mishono yote iwe ya mara mbili. Mkimaliza, upige mto viganja mara kadhaa juu ya sahani nyeupe. Ukiona vumbi kwenye sahani, mfuko haufai. Ushone mwingine kuufunika kabla ya kuendelea.

Juu ya mfuko huo unavaa foronya, na hii ndiyo sehemu mtoto atakayoigusa, kwa hiyo usiikimbilie. Kikwembe kipya kina ukakamavu wa wanga na harufu ya dukani, na mtoto kama huyu anaweza kukikataa kwa hayo mawili tu, wewe ukafikiri amekataa mto. Kifue mara mbili au tatu kwa sabuni isiyo na manukato kabla ya kukata. Bora zaidi, muombe dada yako kikwembe chake cha zamani ambacho mtoto amekizoea. Foronya isiwe na zipu, vifungo, wala lebo. Ifunikane nyuma kama foronya za mito ya kitandani, na mishono yenye kingo igeuzwe upande usiomgusa. Ikichafuka unavua na kufua, mfuko wa mchanga unabaki.

Namna ya kuutumia: mtoto akiwa ameketi, dakika 15 hadi 20, halafu unapumzishwa. Mara ya kwanza wewe uweke mapajani mwako ukiwa karibu naye, usimwambie kitu. Akiutaka atauvuta. Unafaa kama mabega yanashuka, anapumua polepole, anatulia sehemu moja kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Haufai, au ni mzito mno, kama anausukuma kila mara, uso unaloa jasho, au anaanza kuhangaika. Basi fumua safu moja ya vijumba, punguza mchanga, ujaribu tena siku nyingine. Oktoba na Novemba hapa kwetu ni joto, na mchanga unashika joto, kwa hiyo mchana uuweke kivulini.

Kuna mipaka miwili ambayo sitaki uivuke. Mto huu si wa kulalia, wala haupandi kifuani au usoni, na mtoto lazima awe na uwezo wa kuuondoa mwenyewe wakati wowote. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2008 huko Kebek, Kanada, mtoto wa miaka 9 mwenye usonji alifariki shuleni akiwa amezungushiwa blanketi zito. Akivimba hasira, usimkandamize nao ili atulie. Kitu anachobanwa nacho kwa nguvu kinakuwa treni ya pili.

Mpaka wa pili ni wa matumaini. Usimwahidi dada yako kwamba mtoto sasa atalala usiku kucha. Utafiti uliochapishwa 2014 kutoka Uingereza uliwalinganisha watoto wenye usonji waliolala na blanketi zito na wale wale wakilala na la kawaida, na usingizi haukuongezeka. Ila watoto wenyewe pamoja na wazazi wao walipendelea lile zito. Hicho ndicho unachonunua: kitu anachokipenda na kinachomtuliza akiwa macho. Kwa mtoto anayejibana ukutani kila siku, hilo si dogo.

Beseni la mchele nitalipita haraka. Beseni pana la plastiki, kilo tatu au nne za mchele mkavu ambao hautarudi jikoni, na vikombe viwili na chujio kubwa la kumiminia. Tandika mkeka chini, ili punje zikimwagika asigombezwe. Mtu mzima awe karibu, hasa kama mtoto ana tabia ya kuingiza vitu mdomoni, puani au masikioni. Usitumie maharagwe: mbichi yana sumu, na likiingia sikioni au puani linavimba kwa unyevu na kutoka kwake ni kazi ya daktari. Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue zile shanga laini za rangi zinazovimba ndani ya maji, hata ukiambiwa ni za watoto wenye usonji. Akimeza moja inaendelea kuvimba ndani ya utumbo na inaweza kuuziba.

Ukipita soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi au madukani mjini ukaona kitu kingine kimekuvutia, kijaribu kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji atie betri. Bonyeza kila kitufe, kisha kiweke chini bila kukigusa na usubiri dakika tano. Vichezeo vingi vya kuimba vina tabia ya kuita mtoto: ukiviacha, vinalia vyenyewe ghafla ili avirudie. Kichezeo chenye tabia hiyo hakifai hata kama sauti yake ni ndogo. Halafu jiulize kama bado kinachezeka betri zikitolewa. Gari bila betri bado linasukumwa, lakini simu ya plastiki bila betri ni plastiki tu. Hata ile treni, ukiitoa betri mtoto asipoona na kuiacha sebuleni mbali kidogo, huenda siku moja akaifuata mwenyewe. Ila angalia aina ya betri. Zile bapa kama kifungo cha shati, mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili, kwa hiyo kichezeo ambacho kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu kiache pale pale.

Upande wa taa, wengi hunishangaa nikisema taa ndogo inaweza kuwa zawadi nzuri kwa mtoto anayechukia taa. Anachochukia ni kuwaka kwa ghafla. Umeme ukikatika na kurudi, nyumba nzima inamrukia machoni, na kama mna taa ya neli, inapepesa kwanza kabla ya kuwaka. Taa ya kuchaji ambayo anaiwasha yeye, kwa kizungushio kinachoanza na mwanga hafifu, inampa mamlaka juu ya giza. Lakini nyingi zinazouzwa hapa zina kitufe kimoja cha kubonyeza: mara ya kwanza mwanga mkali, mara ya pili hafifu, mara ya tatu inawaka na kuzima kama ya gari la polisi. Hiyo usimpelekee. Kipimo kingine: elekeza kamera ya simu kwenye taa ikiwa imewaka na utazame kioo cha simu. Ukiona mistari myeusi inatembea, taa inapepesa kwa kasi ambayo jicho lako halioni. Taa duni zinazotumia umeme wa nyumbani hufanya hivyo mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu una mizunguko 50 na mwanga unashuka mara mbili katika kila mzunguko. Si kila mtoto anasumbuliwa na hilo, ila ukiwa na taa mbili mkononi, chukua isiyo na mistari.

Utaulizwa kuhusu vile vikombe viwili vyenye mkanda wa kichwani ambavyo wafanyakazi wa migodini na karakana huvaa masikioni. Vinasaidia, na Lubumbashi si vigumu kuviona, ila nisingevifanya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni chombo, kama mwavuli, na mtoto anapewa siku ya kawaida ili ajifunze kukivaa. Vya watu wazima ni vipana. Vikiacha nafasi pembeni ya shavu havizuii kitu. Tafuta vya kipimo cha mtoto. Kwenye boksi utaona herufi SNR na namba. SNR 25 ina maana sauti inapungua kwa wastani wa desibeli 25, na hiyo inamtosha. Namba hiyo inapungua kwa milio mizito kama ya jenereta la jirani au besi ya sono, kwa hiyo usishangae akivivaa na bado akasogea mbali. Avivae wakati wa kelele tu, kisha avue. Akishinda navyo tangu asubuhi, masikio yanazoea ukimya na sauti za kawaida zinaanza kumuumiza zaidi. Vile vipamba vya sponji vya kuingiza ndani ya sikio usimpe, anaweza kuvimeza. Na kama amezidi kuogopa sauti ghafla wiki hizi, au anashika sikio moja tu, apelekwe kwanza kuangaliwa masikio, kwa sababu maambukizi ya sikio nayo huleta hivyo.

Imebaki siku yenyewe, na hapa ndipo zawadi nzuri nyingi huharibika. Desemba mvua zimeshika na radi zinapiga hasa mchana na jioni, na Noeli nayo inajaza sono mtaani. Mpe asubuhi, kabla wageni hawajafika. Usiifunge kwa karatasi inayokwaruza, na usitie puto ndani ya nyumba hiyo, kwani moja likipasuka siku imekwisha. Siku mbili tatu kabla, mwonyeshe picha ya mto kwenye simu na umwambie ni wake na utakuja lini. Mshangao ndio unaomtisha, basi mwondolee mshangao. Waombe ndugu wasipige makofi, wasimwimbie wote kwa pamoja, na wasimlazimishe kusema asante akikutazama machoni. Weka mto sakafuni hatua mbili kutoka alipo, pembeni ya godoro analojibania, kisha ukae na uendelee na mambo yako.

Inawezekana asiuguse siku hiyo. Usiuondoe na usimsogezee. Uache pale pale kwa wiki mbili, mahali pamoja, na jioni moja moja dada yako auweke mapajani mwake akichambua mboga. Mtoto akija akaubonyeza kwa kidole akaondoka, hiyo ni hatua. Wiki mbili zikipita bila hata kuusogelea, mvue foronya hiyo uweke ya kitambaa kingine, kilicho laini zaidi au chenye mikwaruzo zaidi kulingana na nguo anazozichagua mwenyewe, na uanze upya. Uzito huo ubaki kwanza. Kitambaa ndicho chanzo cha kwanza cha kukataa, na kukibadilisha ni rahisi kuliko kufumua mchanga.